Oda, dilivari na ankara: ulinganishe kwa faili, kwa Excel au kwa mfumo?

Tuanze na mzigo mmoja wa saruji, maana ndio tutakaoutumia kupima njia zote tatu.

Kampuni ya ujenzi jijini Dar es Salaam imetoa oda ya ununuzi namba 147: mifuko 600 ya saruji, kila mfuko Sh 14,000 kabla ya VAT. Muuzaji anauleta mzigo kwa safari mbili. Jumatatu lori linafika na dilivari, yaani hati ya kukabidhi mzigo, inayosema mifuko 400. Mtunza stoo anahesabu, anakuta 397, na kati ya hiyo mitano imepasuka, anaikataa. Kilichoingia stoo ni 392. Alhamisi inakuja mifuko 200, nayo imetimia. Wiki inayofuata ankara inafika ofisini: mifuko 600, kila mmoja Sh 14,500. Pamoja na VAT ya asilimia 18 jumla ni Sh 10,266,000.

Ukilipa hivyo hivyo, umeliwa. Mifuko iliyoingia ni 592, bei mliyokubaliana ni 14,000, kwa hiyo mali ni Sh 8,288,000 na VAT yake Sh 1,491,840. Deni halali ni Sh 9,779,840. Umezidishiwa Sh 486,160, na kati ya hizo 354,000 zimetokana na bei iliyopandishwa kimya kimya, 132,160 zimetokana na mifuko minane isiyokuwepo.

Ukiishika ankara hiyo peke yake huoni kosa. Hesabu zake zinajumlika, muhuri upo, risiti ya EFD imeambatishwa. Ukiilinganisha na oda utaiona bei, lakini idadi inasoma 600 kwa 600. Mifuko minane inaonekana tu pale karatasi ya stoo inapoingia mezani. Ndiyo maana zinalinganishwa tatu, si mbili.

Wanaoniuliza kuhusu jambo hili mara nyingi wameshakubali kulinganisha. Wanachosita ni njia: waendelee na faili na muhuri, wajenge jedwali la Excel, au wanunue mfumo wa kompyuta? Nimefanya kazi na zote tatu, na kila moja nimeiona ikikamata wizi, na kila moja nimeiona ikipitwa.

Mambo manne ya kupimia

La kwanza ni hesabu ya stoo: inazaliwaje, na inafikaje kwa mhasibu? Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka. Dilivari ni karatasi ya muuzaji. Ni madai yake kwamba ameleta kiasi fulani. Mtunza stoo akisaini tu chini yake, hujapata ushahidi wa pili. Una madai ya muuzaji yenye sahihi yako. Ushahidi wako ni hati ya kupokelea mali, ambayo stoo inaiandika yenyewe baada ya kuhesabu. Na hati hiyo ina thamani pale tu idadi iliyomo imetoka kwenye kuhesabu, si kwenye kunakili.

Njia ya kulinda hilo ni ya zamani na haina gharama. Nakala ya oda inayokwenda stoo iwe na jina la bidhaa na muuzaji, lakini safu ya idadi iwe tupu au imezibwa. Mtunza stoo anahesabu kwanza, anaandika, kisha ndipo anaipokea dilivari kwa dereva. Zikipishana, idadi sahihi inaandikwa juu ya nakala zote za dilivari, ya kwako na ya dereva, na dereva anasaini pembeni ya marekebisho. Ile 392 ikiandikwa kwenye nakala yako peke yake, muuzaji atakuonyesha yake inayosema 400 na mtabishana hadi jioni.

La pili ni mzigo unaokuja vipande vipande, kama huu wa safari mbili. La tatu ni ankara moja kuletwa mara mbili. La nne: nani anaweza kubadilisha rekodi iliyopita bila mtu kujua?

Faili na muhuri

Hapa oda inaandikwa kwenye kitabu chenye namba zilizochapwa na nakala tatu za kaboni: ya muuzaji, ya stoo, ya uhasibu. Uhasibu unaweka nakala yake kwenye faili la "zinazosubiri". Hati ya stoo ikija inabanwa nyuma yake. Ankara ikija, mhasibu anatoa kifurushi, anaweka tiki kwenye kila mstari unaokubaliana, anapiga muhuri wenye nafasi tatu za sahihi (bei, idadi, hesabu), na malipo yakishatoka anapiga IMELIPWA juu ya kila karatasi, si ya juu tu.

Kwenye hesabu ya stoo, karatasi haina mpinzani kwa uaminifu wake wa kimwili. Ile 392 ipo kwa kalamu ya aliyehesabu, na mkato wake unaonekana. Udhaifu ni safari. Hati ikitoka Kigamboni kwenda ofisini Kariakoo kwa bodaboda inaweza kukaa siku tatu mfukoni, na ankara, ambayo siku hizi inakuja kwanza kwa picha ya WhatsApp, inaitangulia. Mkurugenzi anasukuma ilipwe, muuzaji anapiga simu, na mhasibu anamwomba mtunza stoo amwambie idadi kwa mdomo. Ukishafika hapo hulinganishi tena karatasi tatu. Unalinganisha mbili na sauti.

Kwenye ankara kuletwa mara mbili, watu wengi hawaamini nikisema faili ni kali kuliko Excel. Sababu ni kwamba oda ya uhasibu ni moja. Ikishabanwa kwenye ankara ya kwanza na kupigwa IMELIPWA, ankara ya pili inafika na kukuta haina oda ya kubanwa nayo. Inakwama yenyewe. Hii inafanya kazi kwa sharti moja: usilipe kwa fotokopi wala kwa picha ya simu. Siku mtakapolipa "kwa dharura" kwa picha ya WhatsApp, ankara halisi itakuja wiki mbili baadaye, itakuta oda bado ipo kwenye faili la zinazosubiri, na italipwa tena kwa tiki zote.

Mzigo wa vipande ndio unaoivunja njia hii. Safari mbili na ankara moja, sawa. Lakini oda ya miezi minne, safari tisa, ankara tano, hapo ile oda moja inatakiwa iwe kwenye vifurushi vitano. Dawa ni kuandika nyuma ya oda daftari dogo: tarehe, namba ya hati ya stoo, kilichopokelewa, kilichodaiwa, salio. Inawezekana. Nimemwona mama mmoja wa stoo akiiendesha kwa miaka bila kosa. Alipostaafu ilikufa ndani ya robo mwaka.

Kubadilisha rekodi kwa siri ni kugumu kama vitabu vina namba zilizochapwa na mtu anaangalia kwamba hakuna namba iliyorukwa. Vitabu vya kununua dukani visivyo na namba ni sawa na kutokuwa na kitabu.

Faili linafaa kampuni yenye stoo moja karibu na ofisi, ankara za mwezi zisizozidi kama 60, na watu watatu tofauti wa kuagiza, kupokea na kulipa. Namba hiyo ya 60 ni ya uzoefu wangu tu; ni pale ninapoona vifurushi vinaanza kurundikana mezani.

Jedwali la Excel

Excel inatatua kile hasa kinachoishinda karatasi: vipande. Siri ni kutokuwa na jedwali moja kubwa lenye safu ya "kilichofika" ambayo mtu anaifuta na kuandika upya. Weka shiti tatu, Oda, Mapokezi na Ankara, na kila tukio liwe mstari wake. Safari ya Jumatatu ni mstari, ya Alhamisi ni mstari mwingine. Kwenye shiti zote A ni namba ya oda, B ni msimbo wa bidhaa, D ni idadi, E ni bei. Kisha kwenye shiti ya Oda, mbele ya kila mstari, weka salio la idadi inayoruhusiwa kulipwa:

```
=MIN(D2, SUMIFS(Mapokezi!D:D, Mapokezi!A:A, A2, Mapokezi!B:B, B2)) - SUMIFS(Ankara!D:D, Ankara!A:A, A2, Ankara!B:B, B2)
```

Kwa oda yetu 147, kabla ankara haijaingizwa, jibu ni 592. Ukiandika ankara ya mifuko 600, jibu linageuka −8. Hasi maana yake umedaiwa zaidi ya ulichopokea. Ile `MIN` ipo kwa ajili ya upande wa pili: muuzaji akileta 620 wakati umeagiza 600, fomula haitakuruhusu kulipa ile 20 mpaka oda ya nyongeza itolewe. Bei linganisha kwa safu ya pembeni, E ya Ankara dhidi ya E ya Oda. Usichanganye bei na idadi kwenye fomula moja ya jumla ya pesa, kwa sababu bei iliyopanda na idadi iliyopungua zinaweza kufichana na jumla ikasoma sawa.

Ankara ya mara mbili inakamatwa na fomula hiyo hiyo, kwani mali iliyopokelewa ikishadaiwa yote, ya pili itasukuma salio kwenye hasi kubwa. Lakini angalia: inakamatwa ikiwa tu namba ya oda imeandikwa. Inayopenya ni ile iliyoingizwa bila namba ya oda. Na kuzitafuta kwa namba ya ankara hakutoshi, kwa sababu karani mmoja ataandika INV-0883 na mwingine INV 883, na Excel itaziona ni ankara mbili. Tafuta kwa muuzaji na jumla ya pesa. Muuzaji akiwa safu ya F na jumla safu ya G:

```
=COUNTIFS(Ankara!F:F, F2, Ankara!G:G, G2)
```

Ikizidi 1, toa karatasi uzitazame. Muuzaji wa kiasi kile kile kila mwezi, kama kampuni ya ulinzi, atakupa kengele za bure, zivumilie.

Hesabu ya stoo inafika haraka kidogo kuliko kwenye faili, maana mtunza stoo anaweza kutuma picha ya hati yake na karani akaingiza mstari siku hiyo hiyo. Ila sasa kuna mkono wa pili kati ya aliyehesabu na rekodi. Karani anayeona oda ya 600 na dilivari ya 400 na 200 anajaribiwa kuandika 400 na 200. Kwa hiyo anayeingiza Mapokezi anakili kutoka hati ya stoo peke yake, na namba ya hati hiyo iwe na safu yake.

Penye kidonda ni kipimo cha nne. Mtu yeyote mwenye faili anaweza kubadili 392 iwe 400, akahifadhi, na hakuna atakayejua. Nywila ya kufunga shiti inazuia kuharibu fomula kwa bahati mbaya, haimzuii anayetaka. Katika ofisi moja niliyokagua, afisa ununuzi ndiye aliyekuwa akitunza jedwali "kwa sababu anajua Excel", naye ndiye aliyetoa oda. Hatukuhitaji siku nyingi kuona tatizo. Kinachopunguza hatari ni kuchapa salio la oda zote kila Ijumaa, meneja akasaini, na karatasi ikakaa. Ndiyo, tunarudi kwenye karatasi.

Excel inamfaa mwenye oda ndefu na stoo mbili tatu, na mtu mmoja makini wa kuitunza ambaye haagizi wala halipi.

Mfumo

Kwenye mfumo, oda, mapokezi na ankara ni nyaraka tatu zilizoungana, na mashine ndiyo inayolinganisha. Kwenye Odoo unawasha `3-way matching`, na kila bili inapata alama ya `Should Be Paid`: ndiyo, hapana, au `Exception` pale zinapopishana. SAP inafanya kwa ukali zaidi: ankara iliyoingizwa kwa `MIRO` ikizidi kiwango inafungiwa malipo, na inafunguliwa na mwenye ruhusa kupitia `MRBR`. Chunguza kabla ya kununua, kwani programu kadhaa za uhasibu za bei nafuu zina oda na zina bili lakini hazina hatua ya kupokea mali katikati. Hizo zinalinganisha mbili, na mifuko yetu minane ingepita.

Faida ambayo faili na Excel hazina ni akaunti ya katikati. Stoo ikipokea mifuko 592, mfumo unaongeza mali Sh 8,288,000 na kuweka kiasi hicho kwenye akaunti ya "iliyopokelewa, haijadaiwa". Ankara ikija inaifuta. Mwisho wa mwezi unaisoma akaunti hiyo tu: kiasi kilichokaa miezi mitatu kinakuambia ama muuzaji hajaleta ankara, ama mtu amepokea mzigo mmoja mara mbili, ama ankara imelipwa kwa mlango wa pembeni bila kuunganishwa na oda. Huu mlango wa pembeni ndio unaopitisha ankara za mara mbili hata kwenye mfumo. Bili isiyo na oda haina cha kulinganishwa nacho. Weka orodha fupi ya zinazoruhusiwa bila oda, kama umeme, maji na kodi ya pango, na nyingine zote zikataliwe.

Vipande havisumbui, mfumo unahesabu salio wenyewe. Na mabadiliko yanaacha jina na saa, mradi kila mtu ana akaunti yake. Ofisi ambayo nywila ya mtunza stoo imebandikwa kwenye skrini imelipia Excel ya bei ghali.

Mawili yanaangusha mifumo. Moja ni kitufe. Kwenye Odoo, mtunza stoo akibonyeza `Validate` bila kugusa idadi, mfumo unachukua kwamba mzigo wote umefika. Lile tulilosema kuhusu kuziba idadi linageuzwa kichwa chini: mashine inampa jibu kabla hajahesabu. Kwa hiyo hata penye mfumo, hati ya stoo ya mkono iendelee, na mara kwa mara ilinganishwe na kilichobonyezwa.

La pili ni kiwango cha kuvumilia tofauti. Hakuna anayetaka ankara ikwame kwa shilingi kumi, hivyo unaweka asilimia fulani ipite yenyewe. Bei yetu ilipanda Sh 500 juu ya 14,000, takriban asilimia 3.6. Ukiwa umeweka asilimia 5, mfumo ungeilipa bila kumwambia mtu. Kinachoudhi zaidi, wauzaji wanajifunza. Baada ya miezi kadhaa wanajua bei zao zikipanda asilimia nne hazirudishwi. Weka asilimia pamoja na kikomo cha shilingi, na kinachofikiwa kwanza ndicho kizuie. Kwa idadi, mimi huweka sifuri kwa vitu vinavyohesabika kama mifuko, na huacha nafasi kwa vinavyopimwa tu, kama mchanga na mafuta.

Mfumo unafaa penye stoo nyingi, waagizaji wengi, na mtandao unaofika mpaka kwenye stoo. Saiti isiyo na mtandao itaingiza mapokezi ya wiki nzima Jumamosi kwa kumbukumbu, na hapo umenunua mashine ya kulinganisha kumbukumbu.

Tofauti ikishaonekana

Hili ni moja kwa njia zote. Usikate namba kwenye ankara kwa kalamu na kulipa pungufu. Risiti ya EFD imeshatoka na VAT ya Sh 1,566,000, wakati VAT halali ni 1,491,840. Ukilipa pungufu bila hati, wewe na muuzaji mtakuwa na vitabu vinavyopishana kwa Sh 74,160 za kodi, na atakayekuja kuuliza ni TRA. Omba kredit noti, yaani hati ya muuzaji ya kupunguza deni, ya Sh 486,160 inayotaja namba ya ankara ya awali, ibane kwenye kifurushi, ndipo ulipe 9,779,840. Kenya nako, penye eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, marekebisho hupita kwa kredit noti inayorejea ankara ya kwanza.

Kwa hali yako

Kama ni duka la vifaa au shule yenye stoo moja, na mwenye mali anasaini hundi mwenyewe, baki na faili. Nunua vitabu vyenye namba, ziba idadi kwenye nakala ya stoo, na mwenye mali asisaini kifurushi kisicho na hati ya stoo.

Kama mko wawili tu ofisini na anayeagiza ndiye anayelipa, hakuna njia kati ya hizi tatu itakayowasaidia mpaka mtu wa tatu ahesabu. Anaweza kuwa mlinzi wa getini mwenye daftari la idadi.

Kama ni mkandarasi mwenye oda za miezi na saiti mbili au tatu, Excel itakutosha, na ile karatasi ya Ijumaa isikosekane.

Kama una stoo zaidi ya nne au waagizaji wengi, mfumo utajilipa, lakini anza kwa stoo moja kwa miezi miwili huku hati za mkono zikiendelea, uone ni mara ngapi kilichobonyezwa kinatofautiana na kilichoandikwa.

Na kama mnanunua zaidi kokoto na mchanga, kabla ya kuchagua chochote amueni kipimo. Oda ikiwa ya tani na dilivari ikiwa ya "trip", hakuna faili, fomula wala mfumo utakaozilinganisha. Andika kwenye oda yenyewe ujazo wa lori kwa mita za ujazo, na mpe mtunza stoo futi ya kupimia bodi kabla lori halijamwaga.